Mpira Umechezwa, Mtani!

Shabiki wa Argentina: Mtani wangu, najua simu yako i karibu nawe na najua kwa nini hujibu. Mpira umechezwa! Tumesubiri tangu mwaka 1986, miaka 36 mizima, na leo tarehe 18 Desemba 2022 Kombe la Dunia limerudi nyumbani kwetu kwa mara ya tatu. Jitokeze basi, nami nitakupokea kwa heshima zako zote.

Shabiki wa Ufaransa: Nipo, ndugu yangu, wala sijajificha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo pokea mkono wangu wa pongezi. Lakini naomba tuelewane mapema: mmeshinda kwa mikwaju ya penati, 4 kwa 2, baada ya dakika 120 kwisha kwa sare ya 3-3. Timu yangu haikufungwa ndani ya mchezo.

Shabiki wa Argentina: Sare unaitaja kwa fahari, ilhali hadi mapumziko hamkuwa mmepiga hata shuti moja langoni mwetu! Kocha wenu aliona maji yamemfika shingoni akawatoa Giroud na Dembélé dakika ya 41, kabla hata kipenga cha mapumziko hakijalia. Na lile goli la Di María, mtani, lile ni goli gani! Messi aliugusa mpira kidogo tu akampa Álvarez, Álvarez akamtangulizia Mac Allister, naye aliyekuwa na nafasi ya kupiga mwenyewe akainua macho na kumwona mwenzake anakuja upande wa kushoto. Nimelitazama mara sita tangu mchezo uishe, na kila mara naona hakuna aliyeugusa mpira mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Shabiki wa Ufaransa: Lilikuwa goli zuri, nalikubali bila kinyongo. Hata hivyo, goli bora la usiku ni la pili la Mbappé, na hapo sitarudi nyuma hata hatua moja. Fikiria hali ilivyokuwa: dakika ya 80 anafunga penati, na kabla hamjamaliza kulaumiana Coman anamnyang'anya mpira Messi wenu mwenyewe, unafika kwa Mbappé, anampa Thuram kwa kichwa, Thuram anaurudisha juu juu, naye anaupiga ukiwa bado hewani huku mwili wake ukianguka. Magoli mawili ndani ya sekunde 97! Wewe uliniandikia "kwisha habari yenu" dakika ya 78, nami ujumbe huo nimeutunza.

Shabiki wa Argentina: Ujumbe ule nimeufuta.

Shabiki wa Ufaransa: Kwako umefutika, kwangu upo. Kijana alifunga magoli matatu katika fainali, jambo ambalo kabla yake kwa wanaume alilifanya Geoff Hurst peke yake, mwaka 1966, halafu bado akaondoka bila kombe. Inaniuma, mtani, nakuambia ukweli. Nilimtazama akipita kando ya kombe lile na kiatu chake cha dhahabu mkononi, nikashindwa kuendelea kutazama.

Shabiki wa Argentina: Hapo sikutanii. Mwaka 2018 mlipotutoa 4-3 kijana huyohuyo alitufunga mara mbili, nami nilikaa siku mbili bila kutaka kusikia habari za mpira, hivyo najua unapoumwa. Sasa nikuombe kitu. Dakika za mwisho kabisa, Kolo Muani alipobaki peke yake na kipa wetu, nilifumba macho. Sikuweza. Nilisikia tu watu wakipiga kelele, nikadhani tumefungwa la nne. Hebu nieleze wewe uliyekuwa unatazama.

Shabiki wa Ufaransa: Unaniomba nikitoneshe kidonda changu mwenyewe, lakini nitakueleza kwa sababu mlinda mlango yule anastahili. Mpira mrefu ulipigwa kutoka nyuma, ukadunda mbele ya beki wenu wa mwisho, Kolo Muani akausubiri ushuke na kuupiga vizuri kabisa, kwa nguvu, chini ya kimo cha kiuno. Nilikwisha simama. Martínez alitoka mbele akajitanua mikono na miguu, na mguu wake wa kushoto ukaufikia mpira ule uliokuwa unakwenda wavuni. Niliketi chini taratibu, sikusema neno hadi kipenga cha mwisho.

Shabiki wa Argentina: Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mikono bado inanitetemeka. Kesho ukipata nafasi tuutazame mchezo mzima pamoja.

Shabiki wa Ufaransa: Nitakuja, kwa sharti kwamba tuanzie dakika ya 80.