Waraka wa Ndani: Ingizo la Marekebisho ya Deni la Mzabuni

KWA: Mkaguzi wa Nje
KUTOKA: Mhasibu Mkuu
TAREHE: 14 Agosti 2025
YAH: Ingizo la marekebisho, shilingi 20,000,000, mwaka ulioishia 30 Juni 2025

Tarehe 12 Agosti, baada ya kukukabidhi rasimu ya hesabu, tuliingiza deni la matengenezo ya injini za malori mawili ambalo halikuwamo vitabuni. Kazi ilikamilika tarehe 26 Juni, lakini hati ya makabidhiano, ambayo msimamizi wa karakana aliisaini siku hiyohiyo, iliwekwa kwenye faili la gari badala ya kuletwa uhasibu. Tuliigundua tulipolinganisha taarifa ya mzabuni na leja yake. Ankara yenyewe ni ya 18 Julai.

Kwa kuwa huduma ilipokelewa kabla ya kufunga mwaka, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 10 kinatutaka kurekebisha:

Debiti: Matengenezo ya Magari 20,000,000
Krediti: Gharama Zilizolimbikizwa 20,000,000

Faida kabla ya kodi inapungua kwa kiasi hicho. Kodi ya Ongezeko la Thamani, shilingi 3,600,000, itabaki katika ritani ya Julai.

Tumepitia pia malipo na ankara zote hadi 12 Agosti bila kukuta deni jingine la namna hii. Nakala zimeambatishwa.