Ngoma Mtoni, Jinja 2026: orodha ya wasanii imetoka

Jumatatu 28 Septemba, saa moja jioni. TikTok, Instagram na X. Video ya sekunde 15: skrini nyeusi, sauti tupu.

Ongeza sauti. Zaidi. Haya, sikiliza.

Hiyo si saksofoni, wala dijei hajagusa kitu. Chombo hiki kiliota shambani, kikatambaa chini na majani yake, kikavunwa na kukaushwa. Kila anayekipuliza ana noti moja tu. Moja! Wimbo unapatikana pale wote wanapopokezana bila kukosana.

Ni nini hicho?

Wasoga mlioko humu, tunawaomba sana, nyamazeni kwanza. Waacheni wengine wahangaike hadi Ijumaa.

#NgomaMtoni

Jumatano 30 Septemba, mchana. Video: vijana wawili wenye majembe, uwanjani, Nile ikionekana nyuma yao.

Tumesoma majibu yenu yote. Vuvuzela, hapana. Pembe za ng'ombe, umekaribia lakini hapana. Aliyeandika "honi ya lori la miwa la Kakira", wewe njoo tukupe fulana kwa kutuchekesha.

Leo kuna fumbo la pili. Mbona tunachimba shimo katikati ya uwanja? Si la choo, na si la kuchomea mbuzi. Jumamosi usiku, saa tano, watu sita watakaa pembeni mwa shimo hilo na hakuna atakayebaki amesimama tuli.

Kesho kutwa, saa kumi na mbili jioni, orodha nzima. Weka kengele.

Ijumaa 2 Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Facebook na Instagram, pamoja na bango.

ORODHA HII HAPA. Jinja, ukingoni mwa Nile, Ijumaa 4 hadi Jumapili 6 Desemba 2026.

Kabla hujauliza "nani kichwa cha tamasha", litazame bango vizuri. Halina sura ya mtu. Mwaka huu tumeamua maandishi makubwa yawe ya vyombo, na majina ya wapigaji wote yamo upande wa pili, kwa herufi za ukubwa mmoja, mzee wa miaka sabini na kijana wa miaka kumi na tisa sawasawa. Tunajua kuna watakaonuna. Tumezoea bango lenye nyota mmoja mwenye miwani ya jua na wenyeji wamebanwa chini kabisa, wapige saa tisa mchana watu wakiwa bado njiani. Safari hii wenyeji wanashika usiku.

Sasa majibu ya mafumbo.

Sauti ya Jumatatu ilikuwa BIGWALA, tarumbeta za vibuyu za Busoga. Ni vibuyu vya urefu tofauti, vitano au zaidi, na kila kimoja kina sauti yake. Zamani vililia kwenye shughuli za kifalme, kutawazwa na kuzikwa. Mwaka 2012 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana mafundi waliobaki walikuwa wazee wachache mno. Waliojifunza baada ya hapo ndio utakaowaona Jumamosi saa tatu usiku, wakizunguka ngoma kwa duara, viuno vikiyumba taratibu. Usisimame mbali. Bigwala hazitapitishwa kwenye spika kwa dakika kumi za kwanza. Tunataka uzisikie zilivyo.

Na lile shimo ni la EMBAIRE. Marimba kubwa kuliko zote za Busoga, vipande vya mbao vimelazwa juu ya vigogo vya migomba, chini yake shimo linalovumisha sauti. Wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana, mikono inapishana kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Ukikanyaga karibu, mlio unakupanda kwa miguu. Ndiyo maana saa tano usiku ni yake, na hatujampa mtu mwingine.

Haya, siku kwa siku.

Ijumaa tunaanzia mjini. Saa kumi jioni KADODI, ngoma za tohara kutoka Mbale, zitaondoka barabara kuu ya Jinja na kutembea hadi uwanjani, na wewe nyuma yake. Tohara huko ni ya miaka shufwa, na mwaka huu ni shufwa, kwa hiyo wapigaji wametoka kwenye msimu wa tohara Agosti wakiwa bado wamoto. Ukivaa viatu vya kisigino, hilo ni shauri lako. Usiku, kadongo kamu: mpigaji mmoja, gitaa moja, hadithi ndefu yenye mke, shamba na shemeji mlafi. Kisha rumba, kwa bendi ya Wakongo wanaoishi Kampala, gitaa tatu na sebene isiyojua kulala.

Jumamosi imejaa. Adhuhuri ni ADUNGU kutoka Nebbi, familia nzima ya vinubi vya Waalur, kuanzia kidogo cha kupakatwa hadi kile kikubwa cha besi. Saa kumi, LARAKARAKA ya Waacholi, vijana wanaocheza huku wakigonga vibuyu kwa spoku za baiskeli. Ni ngoma ya kutongozana, kwa hiyo wenye wachumba, kaeni nao karibu. Jua likizama, ENTENGA: ngoma kumi na tano, kumi na mbili kati yake zimepangwa sauti kama marimba, wapigaji sita. Zilikuwa za ikulu ya Kabaka, na Lubiri iliposhambuliwa mwaka 1966 zikanyamaza pamoja na ikulu yenyewe. Kuzisikia hadharani kando ya mto ni jambo ambalo baba zetu wengi hawakulipata. Halafu bigwala, halafu embaire. Na saa nane usiku, kwa wenye magoti mazima, SINGELI kutoka Dar es Salaam. Jirani zetu wa Tanzania, leteni fujo yenu, tumewatengea eneo.

Jumapili polepole. Asubuhi watoto watafundishwa kupiga lukeme, ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba. Alasiri ni TAARABU kutoka Mombasa, udi, kanuni na fidla, viti vya kukalia vipo, na mama zetu wa gomesi na mama zetu wa leso watakutana mbele ya jukwaa moja. Kuhusu kutunza: noti ziko huru, ila msimzibie mwimbaji maikrofoni. Tunafunga saa mbili usiku, Jumatatu watu wana kazi.

Mgeni wa siri? Yupo. Hatusemi. Anapiga chombo cha nyuzi na hajasimama jukwaani Uganda kwa muda mrefu.

Tiketi zinafunguliwa JUMATATU 5 OKTOBA, SAA TATU ASUBUHI. Ziko 6,000, hazitaongezwa, kwa sababu uwanja ni huo na mto hausogei. Mtaje hapa chini yule rafiki anayesemaga "tutaenda" kisha anazima simu.

#NgomaMtoni #TukutaneJinja

Jumamosi 3 Oktoba. WhatsApp, ujumbe wa kusambaza kwenye makundi.

Habari za familia, shikamooni wakubwa.

Tamasha la Ngoma Mtoni liko Jinja tarehe 4, 5 na 6 Desemba. Embaire, bigwala, kadodi, entenga, adungu, larakaraka, rumba, taarabu na singeli, sehemu moja.

Bei: siku tatu shilingi 120,000. Siku moja 60,000. Wa mapema (elfu moja wa kwanza) siku tatu 90,000. Kupiga hema lako 40,000 kwa wikiendi nzima. Watoto chini ya miaka 12 bure, wakiwa na mzazi.

Malipo ni kwa pesa za simu, MTN au Airtel, kupitia kiungo kilicho kwenye kurasa zetu. Jibu ujumbe huu kwa neno JINJA nasi tutakutumia kiungo Jumatatu asubuhi kabla ya wengine. Usimtumie pesa mtu binafsi hata akisema ni binamu wa dijei.

Wape na wengine. Asanteni.

Jumatatu 5 Oktoba, saa tatu kamili asubuhi. Kurasa zote.

Geti limefunguliwa. Kiungo kiko kwenye wasifu. Kimbia.

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana. X na Facebook.

Banange! Zile elfu moja za bei ya mapema zimeisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa waliokwama na ujumbe wa "malipo yanashughulikiwa": usilipe mara ya pili. Subiri dakika thelathini. Kama pesa imekatwa na tiketi haijafika, tutumie namba ya muamala kwenye ujumbe wa faragha. Kiti chako kimeshikwa.

Alhamisi 8 Oktoba. Facebook, jibu la maswali yanayorudi kila siku.

Mnatoka Kampala? Ni kilomita takriban 80, lakini hesabu foleni ya Mukono, na hesabu pia kusimama Namawojjolo, maana hakuna anayepita pale bila kuku na gonja. Ondokeni kabla ya saa sita mchana Ijumaa kama mnaitaka kadodi.

Mnatoka Kenya au Rwanda? Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Wa Tanzania, beba pasipoti. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, wote. Kwa wa Nairobi, njia ya Busia na ya Malaba zote zinafika. Tumepanga basi, na nafasi yake inanunuliwa pamoja na tiketi.

Chakula? Rolex ya chapati na mayai, samaki wa kuchoma, matoke, pilau siku ya Jumapili. Vinywaji vipo, na maji ya kunywa ni bure kwenye mapipa manne. Njoo na chupa yako.

Kuogelea? Hapana. Mkondo wa Nile una nguvu kuliko unavyoonekana, na usiku ndio kabisa. Walinzi wa mtoni hawatabembeleza mtu.

Mvua? Desemba huko inaweza kunyesha. Jukwaa limeezekwa, wewe hujaezekwa. Beba koti.

Jumatano 28 Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Instagram na TikTok. Video: fundi wa embaire anajaribu mbao, moja baada ya nyingine, kisha anatabasamu.

Mbao zimeshapangwa sauti. Tiketi za Jumamosi zimebaki 340. Za siku tatu zimebaki 115. Za Ijumaa na Jumapili bado zina nafuu, lakini usijidanganye kwamba utaingia Jumapili ukasikia bigwala. Bigwala ni Jumamosi tu.

Kama umenunua na huwezi kuja, irudishe kwetu kwa bei uliyonunulia. Tiketi ina jina na msimbo unaosomwa mara moja tu, kwa hiyo picha ya tiketi uliyouziwa mtandaoni na mtu usiyemjua itakuacha nje ya uzio.

Ijumaa 30 Oktoba, saa nne usiku. Kurasa zote.

Jumamosi: IMEJAA.
Siku tatu: zimebaki 22 wakati tunaandika hivi.
Ijumaa na Jumapili: zipo, kiungo kwenye wasifu.

Getini hatutauza tiketi ya Jumamosi hata moja, kwa hiyo msisafiri bila kununua. Wenye tiketi, orodha ya saa za majukwaa yote itawafikia kwa WhatsApp Jumatatu. Na yule mgeni wa siri ametua Entebbe leo mchana kufanya mazoezi. Mzigo wake ulikuwa mrefu hata ukakataa kuingia kwenye buti la gari.