Pete

Pete iligoma kutoka. Zuhura aliipaka sabuni, akaizungusha, akaivuta mpaka kidole kikawaka moto. Wapi! Juzi ilikuwa inatoka kwa shida; leo imezama kwenye nyama, haionekani ila mgongo wake.

Akainua macho kwenye kioo kilichotundikwa msumarini. Aliyemtazama humo hakumjua. Kope zimejaa, macho yamebaki vijistari, mashavu yamefura kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Miguu alishaizoea, ikivimba jioni asubuhi hunywea. Lakini uso?

Na hicho kichwa. Kilimwanza Jumanne, juu kidogo ya macho, kikawa kinamgonga kama kinu cha kisamvu. Alimeza panadol mbili usiku, mbili alfajiri. Hakikusikia.

"Ndio uso wa mimba huo," alisema mama mkwe wake barazani, ungo mkononi, akipepeta mchele. "Mimba ya Salimu ilinifanya pua kama andazi. Mtoto wa kiume huyo. Kalale, mwanangu, jua likipoa utapata nafuu."

Zuhura alitazama mchele ukirushwa juu na kushuka. Ungo ukatulia. Punje hazikutulia. Ziliendelea kumetameta hewani mbele ya macho yake, nyeupe, nyingi, hata alipofumba macho.

"Mama, nakwenda zahanati."

"Sasa hivi? Kliniki yako si Jumatatu?"

"Nesi alituambia uso ukivimba, kichwa kikauma, macho yakaona vimulimuli, tarehe haina kazi tena."

Bi Mwanahamisi alimkazia macho, kisha akaweka ungo chini bila kuumimina. Bajaji ilipofika, alikuwa keshavaa buibui, na kadi ya kliniki ya mkwewe ameikumbatia kifuani.

Njia ya Muheza ile, kati ya michungwa, ina mashimo ambayo dereva huyajua kwa majina. Siku hiyo aliyakwepa yote.

Zahanati palikuwa na foleni ndefu. Nesi alitoka mlangoni kuita mtu mwingine, akauona uso wa Zuhura, akamwita yeye. Kitambaa cha mashine ya presha kikambana mkono, kikalegea. Nesi hakusema kitu. Akapima tena.

"170 kwa 112," alisema, akafungua kadi. "Mwezi uliopita ulikuwa 118 kwa 76. Mimba ina wiki 33. Tumbo hapa juu, chini ya mbavu, linauma?"

"Kidogo. Nilidhani kiungulia."

Kijiti kilichochovywa kwenye mkojo kiliingia cha njano kikatoka cha kijani. Plasi tatu. Protini inavuja, nesi alieleza, figo zimeanza kulemewa. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma, si chumvi, si kazi nyingi, wala si mtu kamtupia kitu.

"Hii ndiyo hutangulia kifafa cha mimba. Hujafika huko. Tunakuzuia usifike."

Bi Mwanahamisi alijishika kwenye ukingo wa kitanda. "Mdogo wangu alivimba hivi hivi," alisema polepole. "Tukaita mganga." Hakuendelea, na hakuna aliyemuuliza.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Sindano ya magnesiamu iliingia mshipani taratibu, joto likampanda Zuhura kifuani mpaka masikioni kana kwamba kameza pilipili. Mbili nyingine zikaingia matakoni, moja kila upande, na hizo alizipigia kelele. Akawekewa mpira wa mkojo, akapewa dawa ya kushusha presha. Kila baada ya muda nesi alimgonga goti na kuutazama mguu ukiruka. Ukiruka, dawa haijazidi. Kati ya goti na goti alipiga 115, akaomba gari la kwenda hospitali ya wilaya.

"Kule watamchoma ya kukomaza mapafu ya mtoto," alisema. "Huenda wakamtoa mapema. Dawa ya ugonjwa huu hasa ni kuzaa."

Wakati wakingoja, aliichukua ile pete kama kazi ya pembeni. Akapenyeza uzi chini yake, akauzungusha kidoleni duru baada ya duru mpaka juu ya kifundo, kisha akaufungua kutoka chini. Pete ikapanda na uzi, ikatoka. Bi Mwanahamisi aliifunga fundo kwenye pindo la kanga yake, akalikaza kwa meno.

Ndani ya gari alikaa karibu na kichwa cha Zuhura, mkono mmoja kwenye lile fundo, mwingine juu ya tumbo.

"Kacheza?"

"Bado, Mama."

Wakapita michungwa, wakapita soko, wakaingia lami. Mkono wa mama mkwe haukuondoka.

"Ee," alisema Bi Mwanahamisi, kabla Zuhura hajasema. "Huyo."