Kuumwa Kichwa na Dawa za Kutuliza Maumivu: Majibu kwa Wasikilizaji wa Mtwara na Lindi

(MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI: Habari za asubuhi msikilizaji wetu, popote ulipo, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani, kupanda Newala na Tandahimba, hadi Nachingwea, Ruangwa na Kilwa. Wiki iliyopita tuliwaomba mtutumie maswali kuhusu kuumwa kichwa, na ujumbe mfupi ulioingia ni mwingi kuliko muda tulio nao. Studio leo nipo na mfamasia anayewahudumia watu wa ukanda huu kila siku. Karibu sana, kaka.

MFAMASIA: Ahsante dada, na salamu kwa wasikilizaji wote. Nimeyasoma maswali yenu, na wengi mnataka kujua dawa ipi ni kali zaidi. Kabla ya hapo naomba kila mmoja ajiulize ni vidonge vingapi ameshameza tangu jana, na vya aina gani, kwa sababu madhara mengi ninayoyaona hayatokani na dawa kuwa dhaifu au kali, yanatokana na dawa ileile kumezwa mara mbili kwa majina mawili tofauti.

MTANGAZAJI: Tuanze na dada wa Masasi, muuza duka. Anasema kila ifikapo jioni kichwa kinambana pande zote mbili, kama amefungwa kitambaa kwa nguvu, lakini hatapiki na anaendelea na kazi. Ameze nini?

MFAMASIA: Hayo ndiyo maumivu ya kichwa yanayowapata watu wengi zaidi, na mara nyingi huletwa na uchovu, mawazo, kukaa muda mrefu bila kula, au misuli ya shingo na mabega iliyokaza kwa kuinama. Anywe maji, ale, apumzike mahali pasipo na kelele. Kama bado kinauma, dawa ya kwanza ni parasetamoli, ile ambayo wengi wetu tunaiita panadoli. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, na asirudie kabla ya saa 4 hadi 6 kupita. Katika saa 24 asizidishe vidonge 8, yaani gramu 4. Mwenye mwili mdogo, mwenye ugonjwa wa ini na mtu anayekunywa pombe kila siku wanapaswa kumeza kiasi kidogo zaidi, kwa ushauri wa mtoa huduma.

MTANGAZAJI: Na akizidisha?

MFAMASIA: Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia yuko sawa, huku ini likiendelea kuumia kimyakimya. Kwa hiyo aliyemeza kupita kiasi aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana dalili yoyote, kwa kuwa matibabu yake hufanya kazi vizuri zaidi yakianza mapema. Jambo la kuangalia kwa makini ni vidonge vya mchanganyiko. Vipo vidonge vya diklofenaki vilivyotiwa parasetamoli ndani yake, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Mtu anameza dawa ya mafua asubuhi, panadoli mchana, na kile cha mchanganyiko usiku, akidhani ametumia dawa tatu tofauti.

MTANGAZAJI: Atajuaje, kaka, wakati dukani anakatiwa vidonge viwili tu?

MFAMASIA: Hapo umegusa penyewe. Kile kipande kinapokatwa kwa mkasi, mara nyingi jina kamili la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki kwenye kipande kilichorudi kabatini, na mteja anaondoka na vidonge vinavyong'aa visivyo na maandishi ya kutosha. Ukifika kwenye duka la dawa muhimu, mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi nzima kabla hajakata, soma jina la dawa na miligramu zake, soma na tarehe, kisha mwambie akuandikie kwenye bahasha. Ni haki yako, na muuzaji aliyepata mafunzo hatakasirika.

MTANGAZAJI: Mama mmoja wa Newala ana vidonda vya tumbo. Anauliza kama anaweza kutumia brufeni, kwa sababu jirani yake humsifia sana.

MFAMASIA: Mama yangu, brufeni usiitumie. Brufeni ndiyo ibuprofeni, nayo pamoja na diklofenaki na aspirini ni za ukoo mmoja. Hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ndiyo maana mwenye vidonda anaweza kutokwa damu tumboni, akaona choo cheusi kama lami au akatapika damu, na hapo ni kukimbilia hospitali. Wewe kaa na parasetamoli. Asiye na vidonda, wala ugonjwa wa figo au wa moyo, wala pumu inayochochewa na dawa hizi, anaweza kumeza ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila maelekezo ya daktari. Diklofenaki mimi simpi mtu kwa maumivu ya kawaida ya kichwa, na sindano yake ndiyo kabisa, kwa sababu hatari yake kwa moyo na tumbo ni kubwa kuliko faida utakayoipata.

(MLIO WA SIMU)

MTANGAZAJI: Tunaye mzee kwenye simu, kutoka Kilwa Kivinje. Shikamoo, mzee.

MPIGA SIMU: Marahaba, mwanangu. Daktari, mimi nina presha, na kichwa kinaniuma karibu kila siku. Nameza panadoli asubuhi na brufeni jioni, mwezi wa tano sasa. Zamani zilinisaidia, siku hizi kichwa kinarudi hata kabla jua halijazama. Niongeze?

MFAMASIA: Shikamoo, mzee wangu. Pole sana. Usiongeze, na brufeni uiache leo, kwa sababu inaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha unazomeza. Sasa hilo la kichwa kurudi kila siku. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazomletea maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko hata siku 10 kwa mwezi zinatosha. Tiba yake ni kuziacha, na siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi, kisha hutulia polepole katika majuma yanayofuata. Lakini kwa umri wako na presha uliyo nayo usijitibu peke yako. Nenda ukapimwe presha wiki hii, ukachukue na dawa zako zote mkononi daktari azione. Na dawa ya presha usiiache hata siku moja.

MPIGA SIMU: Nilidhani kichwa kikitulia ndiyo presha imeshuka.

MFAMASIA: Hapana, mzee wangu. Presha mara nyingi hupanda bila kuumiza kichwa hata kidogo, na kichwa huweza kuuma presha ikiwa sawa. Kinachokwambia ukweli ni kipimo.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, mzee. Kijana wa Tandahimba anasema yeye hupuliza dawa kwenye mikorosho, na akirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Anameza panadoli, anakwenda tena kesho yake.

MFAMASIA: Huyu nampa muda kidogo, kwa sababu vijana wengi wa kwetu wanafanya kazi hiyo. Kuna jua kali na kiu, na hayo peke yake yanaumiza kichwa. Lakini baadhi ya viuatilifu huingia mwilini kwa ngozi na kwa pumzi. Akiumwa kichwa huku anatokwa na jasho na mate mengi, anatapika, misuli inachezacheza au macho hayaoni vizuri, hiyo ni sumu, na panadoli haiiondoi. Avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni na maji mengi, apelekwe kituo cha afya na chupa ya dawa au lebo yake. Siku nyingine avae barakoa inayofaa, glavu na nguo ya mikono mirefu, asipulize akiwa ameelekea upepo, na anawe kabla ya kula.

MTANGAZAJI: Mama wa Nachingwea ana mtoto mwenye homa, anayelalamika kichwa.

MFAMASIA: Ukanda wetu una malaria nyingi, kwa hiyo homa na kichwa ni kwenda kupima ndani ya saa 24. Parasetamoli hushusha homa, vimelea vinabaki palepale. Wala usimpe dawa ya mseto bila kipimo. Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo moja, isizidi mara nne katika saa 24. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180, ambazo ni mililita 7.5 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Nguvu za dawa za maji hutofautiana, kwa hiyo soma chupa, na tumia kipimo kilichokuja nayo, si kijiko cha chai. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16.

MTANGAZAJI: Wajawazito nao wameuliza.

MFAMASIA: Parasetamoli, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa muda mfupi. Ibuprofeni na diklofenaki waziepuke, hasa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito. Lakini mama aliyevuka wiki ya 20, akiumwa kichwa kikali, akiona vimulimuli, akavimba uso au mikono, au akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, asimeze kitu akalala. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, na aende hospitali usiku huohuo.

MTANGAZAJI: Dakika zinatuishia. Msikilizaji wa Lindi anaumwa upande mmoja, kunapiga kama moyo, mwanga unamkera na anatapika.

MFAMASIA: Hicho kinafanana na kipandauso. Ameze dawa mapema, maumivu yanapoanza, kwa sababu tumbo likishachafuka dawa haifyonzwi vizuri. Alale kwenye giza. Kikimjia mara nne au zaidi kwa mwezi, zipo dawa za kukizuia ambazo daktari humwandikia.

MTANGAZAJI: Na ni kichwa gani ambacho mtu asisubiri kabisa?

MFAMASIA: Kilichoanza ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja. Chenye homa na shingo iliyokakamaa. Chenye mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka sawasawa, degedege au kuchanganyikiwa. Kilichofuata ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka mnazini, hata kama mtu alisimama akatembea. Na kichwa kipya, kisicho cha kawaida, kwa mtu aliyevuka miaka 50 au anayeishi na VVU. Hao wote ni hospitali moja kwa moja, bila kupitia dukani kwangu.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, kaka. Maswali kuhusu kufunga na maumivu ya kichwa tumeyaweka kwa ajili ya Jumanne ijayo, saa hizihizi. Endelea kutuandikia, na ukiandika, taja umri wako na dawa unazotumia.

(MUZIKI UNAPANDA)