Mkeka wa mwisho

Msimu ule nilikuwa naendesha boda pale Kilombero, Arusha, na kila mkeka wa kubeti ukichanika kesho yake napandisha dau eti narudisha hela yangu, buku mbili ikawa tano, tano ikawa kumi, mpaka hesabu ya bosi nayo nikawa nabetia. Jumamosi moja mechi tisa zimetiki, ya kumi niliowapa wakasawazishiwa dakika ya 90.

Nikafika home Ngarenaro usiku, mama akaniuliza, "Mwanangu, ile hela ya sare za mdogo wako iko wapi?" Nikashindwa hata kumtazama.

Asubuhi nikafunga akaunti, nikamwambia bosi ukweli wote, simu kubwa nikaiuza nianze kumlipa. Jioni washkaji wananiita tusuke mkeka, nikapakia abiria wa Sakina nikaondoka.