Tathmini ya lishe ya ketoni: mvulana, miaka 4, kilo 14, Kigoma

Kifafa kimeshinda dawa mbili. Sasa anatumia topirameti. Kabla ya kuanza: vipimo vya kasoro za kuchoma mafuta na upungufu wa karnitini viwe salama, la sivyo lishe ni hatari.

Uwiano 3:1, kilokalori 930. Kila gramu 3 za mafuta na 1 ya protini na wanga hutoa 31; 930÷31 = 30. Kwa siku: mafuta gramu 90, protini 15, wanga 15. Mawese, parachichi, dagaa vinafaa, ugali hapana. Dawa za maji zina sukari, kosa la kawaida: apewe vidonge.

Ketoni za damu: 2–5 mmol/L. Glukosi chini ya 3 na dalili: juisi kidogo. Bikabonati, kreatinini, lehemu, kalsiamu ya mkojo: mwezi 1, 3, 6. Topirameti huongeza asidi na mawe ya figo. Anywe maji ya kutosha.