Shukrani kwa Wahudumu wa Usafi na Walinzi Wetu

Kwenu dada zetu wa usafi na kaka zetu walinzi,

Shikamooni kwa mliotuzidi umri, na salamu za heshima kwenu nyote. Sisi wa idara ya uhasibu, ghorofa ya 3, tunawaandikia kwa sababu ile "asante" ya mlangoni haijawahi kutaja tunachowashukuria.

Dada unayepiga deki asubuhi, tumeona kwamba tangu mwenzetu aanze kutembea kwa magongo, wewe huacha upande mmoja wa korido ukiwa mkavu mpaka afike mezani kwake, ndipo urudi kuumalizia. Hakuna aliyekuagiza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha, machozi yakimlengalenga.

Kaka uliyekuwa zamu usiku ule wa masika, maji yalipopenya dirishani uliyapandisha mezani maboksi 6 ya hati za malipo, ukayafunika kwa koti lako la mvua, kisha ukarudi langoni bila koti huku mvua ikiendelea kunyesha. Asubuhi tulilikuta koti kabla hatujapata habari. Hati zote zilikuwa kavu, na mishahara ya mwezi ule ililipwa kwa wakati.

Nawe mzee wetu wa lango, asante kwa kuwasindikiza mabinti wetu hadi kituo cha daladala wanapochelewa kufunga hesabu, na kusubiri mpaka wapande.

Nakala ya barua hii tumempelekea meneja utawala, iwekwe katika majalada yenu ya kazi.

Wenu,
Wafanyakazi wa Uhasibu, Dar es Salaam